Mbwa Wanaomfuata Yusuf Usingizini

Mwezi huu kundi letu limemaliza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyeondoka kwao akiwa kijana miaka ya 1960 akawa mkimbizi Uingereza, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nakala tunayo moja tu, kwa hiyo tunasoma kwa sauti, mmoja akichoka mwingine anapokea.

Hatutasimulia kitabu chote. Tunataka kuzungumza juu ya ndoto za Yusuf, maana ndizo zilizotugombanisha zaidi. Nusu yetu walisema ndoto hizo ni utabiri, yaani mwandishi anatuonyesha mapema kitakachotokea. Nusu wakasema hapana, ni woga wa mtoto basi. Tulibishana jioni tatu.

Kwa ambaye hajasoma: Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wenye kituo cha treni. Kuna mfanyabiashara anaitwa Ami Aziz, akija huwa anampa mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anapandishwa treni pamoja naye kwenda pwani, anadhani ni matembezi. Huko anakutana na kijana mkubwa zaidi, Khalil, anayemwambia ukweli: huyo si ami yako, baba yako ana deni, wewe umewekwa rehani. Hata Khalil mwenyewe yuko hapo kwa deni la baba yake. Wanauza duka mchana, usiku wanalala nje barazani. Na usiku mbwa wanakuja.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame. Hao mbwa wa kwanza si ndoto. Ni mbwa kweli, wa mtaani, wanaozunguka gizani wakinusa, na Yusuf anawaogopa sana kuliko Khalil. Mwandishi ametuonyesha mbwa wa macho kwanza, ndipo akatuletea wa usingizini. Kama ukisoma haraka utaruka hilo, halafu ukifika kwenye ndoto utasema, aa, hii ni ishara imetoka mbinguni. Haikutoka mbinguni, ilitoka barazani.

Basi Yusuf anaota mbwa mkubwa. Mbwa huyo anasema naye, anakenua meno yake ya njano, anamrukia na kuingia tumboni mwake kama anayetafuta siri. Sasa fikiri vizuri. Mbwa wa barazani alikuwa anatishia mwili: atauma mguu, atararua nguo. Mbwa wa ndotoni anatafuta kitu kilichofichwa ndani. Kuna kitu kimeongezeka. Na sisi tumeona kwamba ndoto inayorudi katika riwaya inasomwa hivyo: usiangalie kile kinachofanana na mara iliyopita, angalia kilichobadilika. Mwandishi harudii ndoto ili kukukumbusha tu, anarudia ili kusogeza jambo mbele.

Halafu kuna maono mengine, mabaya zaidi. Yusuf anaota anauona woga wake mwenyewe. Si mtu mwoga, hapana, ni woga wenyewe, kama kitu kilichozaliwa sasa hivi, kinang'aa kwenye mbalamwezi, kimelowa ute wa kondo la nyuma, na kinapumua. Dada mmoja wa kwetu ambaye anasaidia kina mama wakati wa kujifungua alisema mara moja: kitu kikizaliwa maana yake kitakua. Tulicheka, lakini alikuwa amelishika jambo lenyewe kabla yetu wote.

Maana woga huo ni wa nini? Tulidhani ni wa mbwa. Ukifuata vizuri utaona ni woga wa kuachwa. Mtoto alipandishwa treni na wazazi wake hawakumwambia ukweli. Anajua mbwa wanamtisha, hilo anaweza kulisema hata kwa Khalil. Lakini kwamba baba na mama walimtoa kama mtu anavyotoa baiskeli yake kwa mwenye duka, hilo halisemeki. Kwa hiyo usiku linakuja likiwa limevaa ngozi ya mbwa. Huo ndio tunauita woga uliofichika: sababu yenyewe haionekani katika ndoto, unaona nguo yake tu.

Wale wa upande wa utabiri walikuwa na hoja moja nzito, na lazima tuiseme kwa haki. Jina. Mwandishi hakumwita mtoto huyu Yusuf bure. Waislamu na Wakristo wote tunaijua habari ya Yusuf: kijana mzuri wa sura, anatupwa kisimani na ndugu zake, anachukuliwa na msafara, anauzwa Misri. Katika Kurani mkubwa aliyemnunua anaitwa Aziz, jina lile lile la tajiri wa riwaya. Hata kanzu ya Yusuf wa Gurnah inachanwa kwa nyuma na mke wa tajiri, kama katika sura ile. Na Nabii Yusuf ni bwana wa ndoto. Aliota nyota kumi na moja, jua na mwezi vinamsujudia, ikawa. Alifasiri ndoto za wafungwa wawili, ikawa. Alifasiri ng'ombe saba wanene na saba waliokonda wa mfalme, na nchi ikaweka akiba ya chakula. Basi, wakasema, Yusuf huyu naye ndoto zake lazima zitimie.

Ni hoja nzuri bwana, lakini tunadhani Gurnah ameiweka hapo kama mtego. Angalia tofauti. Ndoto za ile habari ya zamani zina mfasiri, na mfasiri anasikilizwa na watu wenye uwezo, na kuna miaka saba ya kujiandaa. Yusuf wa riwaya hana hata kimoja. Anaota peke yake kwenye mkeka, hakuna mtu wa kumfasiria, na hata angefasiriwa, rehani haina la kufanya na habari hiyo. Mwandishi amempa jina la nabii halafu akamnyima kipaji. Kwetu sisi hilo lilitugusa, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa wengi waliovuka mito hii: wapo walioona dalili mapema, lakini hawakuwa na ghala la kuweka nafaka.

Hapa tutoke kidogo kwenye kitabu. Mmoja wetu, hatutamtaja, alituambia kwamba kabla ya kukimbia aliota maji mengi yanaingia nyumbani, akanyamaza. Wiki hiyo walikimbia, na hawakufika wote. Tangu siku hiyo anaamini alionywa, na kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikosababisha. Alibeba hilo muda mrefu. Ndiyo maana ubishi wetu haukuwa wa darasani tu.

Tulimjibu kwa kupitia kitabu. Katika riwaya ndoto inaweza kujua mwisho, kwa sababu aliyeiandika anaujua mwisho. Anaweza kurudi ukurasa wa nyuma akapanda mbegu. Katika maisha hakuna aliyekaa mwisho akirudisha habari nyuma. Na tena, uliza kama tulivyouliza kwa mbwa wa Yusuf: kabla ya kuota, mchana aliona nini? Alikuwa akiishi karibu na mto, msimu wa mvua, watu wanahama jirani, redio inasema mabaya. Angeota nini, jangwa? Na ni ndoto ngapi za maji aliota miaka mingine, zikapita asizikumbuke kwa sababu hakuna kilichotokea? Hatujui kama alikubali yote. Alisema tu, hilo la mwisho ni kweli, maji nilikuwa naota tangu utotoni. Wahudumu mnaosikiliza vijana, hilo swali la mchana lina kazi kubwa kuliko swali la maana ya ndoto.

Turudi kwa Yusuf, maana mwisho wa kitabu ndio unaamua ubishi, au unauharibu, sijui tusemeje. Ni wakati wa Wajerumani, vita inakuja. Askari wanaoongozwa na ofisa Mjerumani wanafika karibu na duka, wana watu waliowakamata kwa nguvu, wanapiga kambi. Yusuf anajificha. Wakiondoka, anatoka nje na kuona mahali walipojisaidia, vinyesi vingi, na mbwa wanavila kwa pupa bila aibu. Hapo anakumbuka ile ndoto, woga wake unaopumua kwenye mbalamwezi. Anadhani sasa anajua utakua uwe nini.

Je, ndoto ilitabiri? Askari haikuwaonyesha. Ofisa haikumwonyesha, wala vita, wala tarehe. Ungempa mganga ndoto zote za Yusuf asingekwambia Wajerumani wanakuja. Lakini ilimwonyesha Yusuf mwenyewe: kwamba njaa ya asiye na kwao inaweza kumfanya ale chochote anachotupiwa. Anawatazama mbwa na kujitambua. Kwa hiyo sisi wa upande wa woga tulishinda, ila nusu tu. Woga uliofichika, ukiachwa ukue bila mtu kuuliza, unaamua mtu atafanya nini mlango ukifunguka. Ukitaka kuuita huo utabiri, hatutakataa.

Na anachofanya Yusuf ni kukimbia kufuata msafara wa askari. Anamwacha Khalil, anamwacha Amina anayempenda. Aliyeogopa kuachwa anaacha. Wengine katika kundi walikasirika kabisa, kitabu kikafungwa kwa kishindo.

Lakini tulirudi kusoma mistari ile tena, kwa sababu kuna kitu kidogo tulikipita. Kabla hajakimbia, Yusuf anasikia nyuma yake sauti kama ya milango inafungwa kwa komeo upande wa bustani. Sauti kama ya milango. Mwandishi hasemi kuna mtu aliyefunga. Kaka mmoja anasema bustani ilifungwa kweli, mke wa tajiri au mtu mwingine ndani, kwa hiyo kijana hakuwa na pa kurudi. Dada yetu yule wa kina mama anasema hakuna mlango uliofungwa, ni ndoto ya mwisho, ameiota akiwa macho. Tumepiga kura, tumegawanyika sawa kwa sawa, na nakala iko kwa anayetaka kuisoma wiki hii.