Sapu 2, msimbazi 2

Hapa Dubai simu ya WhatsApp haipiti, kwa hiyo habari nyingi za nyumbani zinatufikia kwa maandishi. Kwa shangazi, ninayeishi naye Naif nyuma ya maduka ya kago, maandishi ya mpwa wake anayesoma chuo Dar es Salaam humfikia kupitia kwangu. Hii ni ya juzi:

“Shkmoo shangazi, xamahan ckupga jana cm ilizingua. Matokeo yametoka, nna sapu 2 💀 wana 3 wamedisco 😭 bumu bado, 2naish kwa imani. Nirushie msimbazi 2 bac 🙏”

Mwanzo ni mwepesi ukiusoma kwa sauti. X ni s, na c inatamkwa “si”: ckupga ni sikupiga, cm ni simu, bac ni basi.

Shangazi alikuwa ameshaona fuvu. “Nani kafa?” Hakuna aliyekufa. Kwa vijana fuvu ni “nimekwisha”, mara nyingi kwa kucheka, na hapa kwa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Akarukia wana watatu: ana watoto huyu? Wana ni washikaji. Na kudisco siyo kwenda muziki. Ni kuondolewa chuoni kwa kufeli. Hapo ndipo mfasiri asipoteze mtenda: waliodisco ni wenzake, yeye bado yumo. Bumu ni fedha ya kujikimu ya wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo. Msimbazi ni noti nyekundu ya elfu kumi, rangi ya Simba, klabu ya Mtaa wa Msimbazi.

Kilichonikwamisha ni ile 2. Vijana huitumia kama tarakimu, na pia kama “tu”, kwa matamshi ya Kiingereza. Ikigandana na kitenzi, kama 2naish, ni tunaishi bila ubishi. Ikisimama peke yake baada ya jina, inasomeka njia mbili. Sapu mbili, au sapu tu, maana yake hakudisco kama wenzake? Noti mbili, au noti moja basi? Ile “wana 3” inaonyesha kwamba idadi anaziandika kwa tarakimu, ila haitoshi. Shangazi alitaka nichague inayoelekea. Nikakataa, mtu mwenye sapu moja na mwenye mbili hawapewi nasaha zile zile, na fedha inayotumwa ni ya shangazi, siyo yangu.

Tukamwandikia: “Una sapu ngapi? Andika kwa maneno.”

Likarudi jibu: “1 2 shangazi 😂”

“Moja, mbili,” shangazi akasoma, akingoja tatu.

Moja tu. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akabonyeza kipaza sauti mwenyewe na kumrekodia ujumbe: elfu ishirini inakuja, na hiyo sapu aifanye lini, aseme kwa mdomo.