Nikienda kwa wazazi, nisali rakaa ngapi?

Wamama na dada zangu, likizo ikikaribia wengi wetu tunafunga mizigo kwenda kuona wazazi, na swali ni lile lile: nikifika kule, sala ya rakaa nne niifanye mbili? Mimi ni mwalimu, nimeolewa hapa Uvira, lakini nilizaliwa Bukavu. Mama yangu huniambia, “Hapa ni kwenu, mwanangu. Utakuwaje msafiri katika nyumba ya baba yako?” Anasema kwa mapenzi, lakini sheria ya sala haihesabu hivyo. Nitaeleza kwa njia ya madhehebu ya Imamu Shafii.

Kwanza ni umbali. Wanazuoni walipima safari kwa maili 48 za zamani, ambazo leo ni kilomita 80 na kidogo. Inahesabiwa njia ya kwenda peke yake, bila kujumlisha kurudi. Kutoka Uvira mpaka Bukavu kwa kupitia Kamanyola ni zaidi ya kilomita 100, basi ni safari. Lakini kwenda Bujumbura si safari, hata kama unavuka mpaka na kuonyesha karatasi, kwa sababu ni kama kilomita 30 tu. Kupunguza kunaanza ukiisha kuacha nyumba za mji wako. Ukiwa bado nyumbani na mzigo kichwani, wewe ni mkaaji.

Pili ni muda wa kukaa. Ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, safari inakatika mara unapofika, nawe unasali kamili tangu sala ya kwanza. Siku ya kufika na siku ya kuondoka hazihesabiwi. Nikifika Bukavu siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, na kuondoka Ijumaa, siku zangu ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi: tatu. Mimi ni msafiri, hata kwa mama yangu, kwa sababu nilihama na makao yangu sasa ni Uvira. Nikipanga kuondoka Jumamosi, siku zinakuwa nne, na ninasali rakaa nne. Wanaofuata Imamu Abu Hanifa wao wanahesabu siku 15, basi usishangae ukiona jirani anafanya tofauti.

Na kama hujui utamaliza lini? Kwa mfano unafuatilia karatasi katika ofisi, na kila asubuhi wanakuambia upite kesho. Ukiwa unatumaini kila siku kupata na kurudi, unaweza kupunguza mpaka siku 18. Lakini ukijua tangu mwanzo kwamba haitatoka kabla ya siku nne, huna ruhusa hiyo.

Zinazopunguzwa ni Adhuhuri, Alasiri na Isha. Magharibi inabaki tatu, Alfajiri inabaki mbili. Nia ya kupunguza unaiweka wakati wa takbira ya kwanza. Ukisali nyuma ya imamu mkaaji, unakamilisha nne pamoja naye.

Kuunganisha ni jambo lingine: Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Alfajiri haiunganishwi na sala yoyote. Gari likiondoka Uvira saa nne asubuhi, Adhuhuri itanikuta njiani. Wakati wake haujaisha, ninanuia moyoni kuichelewesha, na nikifika Bukavu saa kumi ninasali Adhuhuri mbili, kisha Alasiri mbili. Ile nia ndiyo inayotofautisha kuchelewesha kwa ruhusa na kuacha sala ipite. Dada anayefika usiku na kusali zote kwa mara moja, hata Adhuhuri na Alasiri ambazo wakati wake umeisha, hakuunganisha. Hizo mbili ni deni analolipa.

Gari likiondoka baada ya Adhuhuri kuingia, nasali Adhuhuri nyumbani rakaa nne, na Alasiri naisali njiani mbili. Siileti Alasiri mbele nikiwa bado nyumbani, maana safari haijaanza.

Wengi wanajikwaa wakati wa kurudi. Ukichelewesha Adhuhuri kisha ukaingia Uvira, safari imekwisha: utasali nne na nne, na ile Adhuhuri inahesabiwa kuwa ya kulipa, ingawa huna dhambi kama ulinuia. Kwa hiyo, gari la kurudi likiondoka saa saba, afadhali kusali kabla ya kupanda, ungali msafiri Bukavu: Adhuhuri mbili, ukinuia ndani yake kuunganisha, kisha Alasiri mbili papo hapo, bila kusimama kwa mazungumzo marefu kati yake. Hapo hata barabara ya Ngomo ikifungwa kwa matope mpaka jioni, Adhuhuri na Alasiri zimekwisha kusaliwa.