Nasaha kwa Mpwa Kuhusu Barua ya Mashaka

Kwa mpwa, katekista wa kigango. Kutoka kwa mjomba wake.



Barua ambayo muumini humwandikia padri anayemwamini ili kumfunulia mashaka yake haipaswi kuchanganywa na kitubio, kwa sababu kitubio ni sakramenti ambayo ndani yake mtu huungama dhambi na kuondolewa dhambi hizo, ilhali shaka si lazima liwe dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2088, inatenganisha shaka la makusudi, ambalo ni kupuuza au kukataa kuamini kile ambacho Mungu amekifunua, na shaka lisilo la makusudi, ambalo ni kusitasita katika kuamini, kushindwa kuvuka vipingamizi vinavyohusu imani, au wasiwasi unaoletwa na giza la imani yenyewe. Kisha inaonya kwamba shaka likilelewa kwa makusudi laweza kumfikisha mtu kwenye upofu wa kiroho. Kijana ambaye tangu mazishi ya mama yake hajakosa hata Jumamosi moja kuwafundisha watoto wa kipaimara, na ambaye bado hupiga magoti kila usiku ingawa haoni kwamba kuna anayemsikiliza, yumo katika aina ya pili, na afadhali alijue hilo kabla hajashika kalamu tena, maana rasimu ya barua yake imeandikwa kana kwamba mshitakiwa anajitetea mbele ya baraza.

Rasimu hiyo ina kurasa 4 za daftari la mistari, zimejaa pande zote mbili, na kasoro yake kubwa si ukali wa maneno. Kasoro ni kwamba mambo matatu ya asili tofauti yamefungwa furushi moja, kiasi kwamba padri atakayeipokea atalijibu lile lililo rahisi zaidi, aridhike kwamba amejibu, na lile linalomnyima mpwa usingizi libaki palepale.

Lililo rahisi ni la Injili ya Marko. Katika ukurasa wa kwanza mpwa anaeleza, kwa mshtuko wa mtu aliyetazama video usiku wa manane, kwamba mistari 12 ya mwisho ya injili hiyo haimo katika nakala za kale kuliko zote, na anauliza kwa nini hakuambiwa hayo chuoni alikosomea ukatekista. Habari yenyewe ni ya kweli: nakala mbili za Kigiriki za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zinaishia sura ya 16 mstari wa 8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini kwa hofu, na Biblia nyingi zilizochapwa siku hizi hulitaja jambo hilo katika tanbihi, yaani maelezo madogo yaliyo chini ya ukurasa. Kanisa huipokea mistari ya 9 hadi 20 kama Maandiko Matakatifu bila kumlazimisha mtu aamini kwamba iliandikwa kwa mkono wa Marko mwenyewe, na ushuhuda wa ufufuko hautegemei mistari hiyo, kwani Paulo aliutaja katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa kabla ya injili hiyo. Hili wanazuoni huliita ugumu, nalo ni swali la akili ambalo mtu anaweza kukaa nalo miaka mingi huku imani yake ikiwa nzima. Linafaa kuulizwa ana kwa ana, baada ya Misa, vitabu vikiwa mezani, wala halistahili ukurasa mzima wa barua hii.

La pili linahusu mazishi, na hapa mjomba hawezi kujifanya mgeni. Ni kweli kwamba viongozi wa jumuiya walisimama uani wakiwa na daftari la michango, wakasoma kwa sauti miezi ambayo marehemu hakuchangia, wakati jeneza likiwa bado ndani. Na ni kweli kwamba sala za jumuiya hazikuanza mpaka deni lilipolipwa kutoka mfukoni mwa majirani, mmoja wao akiwa Mwislamu. Mpwa hakosei kukasirika. Anapokosea ni pale anapoandika kwamba Mungu ndiye aliyemdai mama yake fedha, kwa sababu sentensi hiyo inageuza kosa la watu watatu wenye daftari kuwa hoja dhidi ya Mwenyezi Mungu, na padri akiisoma atahangaika kumtetea Mungu badala ya kuwauliza wale watatu.

Malalamiko ya namna hii yana njia yake katika sheria ya Kanisa, nayo si njia ya kunong'ona. Kanuni ya 212 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inasema kwamba waamini wana uhuru wa kuwaeleza wachungaji wao mahitaji yao, hasa ya kiroho, na pia matakwa yao. Tena inaongeza kwamba, kwa kadiri ya ujuzi na nafasi yao, wana haki, na wakati mwingine hata wajibu, wa kuwaambia wachungaji hao maoni yao kuhusu mambo yanayogusa mema ya Kanisa, ilimradi wailinde imani na maadili, wawaheshimu wachungaji, na wazingatie manufaa ya wote pamoja na utu wa kila mtu. Sheria haikusema kwamba heshima ni kunyamaza. Basi jambo la daftari la michango liandikiwe barua yake, iende kwa paroko na halmashauri ya parokia, ikiwa na tarehe, kiasi kilichodaiwa na maneno yaliyosemwa, bila neno hata moja kuhusu sala za mpwa.

Yakiondolewa hayo mawili, katika kurasa zote 4 inabaki aya moja fupi, karibu na mwisho, iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo kuliko nyingine, ambamo mpwa anasema kwamba anaposali ni kama anaongea ndani ya nyumba iliyohamwa, na kwamba anaona haya kuwaambia watoto kuwa Mungu yu karibu. Hiyo ndiyo barua.

Namna ya kuiandika inaweza kujifunzwa kwa Mama Tereza wa Kalkuta, ambaye barua zake kwa viongozi wake wa kiroho zilichapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, na kuwashangaza wengi waliodhani kwamba mtu mwenye uso ule wa furaha hakuwahi kuonja kitu kama hicho. Alikuwa mtawa wa Loreto alipopata, mwezi Septemba 1946, akiwa ndani ya treni ya kwenda Darjeeling, kile alichokiita wito ndani ya wito, yaani mwito mpya wa kuwahudumia maskini bila kuacha utawa wake. Na shirika lake la Wamisionari wa Upendo liliidhinishwa Oktoba 1950. Mwezi Machi 1953 alimwandikia Askofu Mkuu Ferdinand Périer, mkubwa wake katika Kanisa la Kalkuta, akimwomba amwombee kwa kuwa ndani yake kulikuwa na giza la kutisha, na akataja lilipoanza, kwamba ni karibu na wakati alipoianza kazi ile. Maneno yake ni machache. Hakumlaumu askofu, hakumbishia, wala hakujifanya kwamba hali ni nafuu kuliko ilivyokuwa.

Ukizisoma barua zake za miaka iliyofuata, kwa askofu huyo na kwa Padri Lawrence Picachy, Mjesuiti ambaye baadaye alikuwa kardinali, linaonekana jambo ambalo rasimu ya mpwa imelikosa: Tereza husema kile anachokikosa na kile anachoendelea kukifanya katika pumzi moja, ili msomaji ajue kwamba mwenye giza bado yuko kazini. Hata nafuu alipoipata aliieleza kwa unyofu uleule, kwani Oktoba 1958, baada ya Misa ya kumwombea Papa Pius wa 12 aliyekuwa amefariki, giza lilimwondokea kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha likarudi, naye akaandika kwamba limerudi.

Msaada haukuja upesi, wala haukutoka kwa mtu wa kwanza aliyeandikiwa. Ilimbidi angoje hadi mwaka 1961, alipomweleza hali yake Padri Joseph Neuner, mwanateolojia Mjesuiti kutoka Austria, na jibu la padri huyo, kwa muhtasari, lilikuwa kwamba hakuna dawa ya kibinadamu kwa hali ile na hivyo asijione kuwa yeye ndiye chanzo. Kwamba kuhisi uwepo wa Yesu si uthibitisho pekee wa uwepo huo. Na kwamba kiu yake kubwa ya Mungu ni dalili kuwa Mungu yumo ndani yake. Giza halikwisha, lakini kuanzia hapo aliliona kuwa sehemu ya kazi yake, na alimshukuru padri huyo kwa kumfungulia jambo hilo. Mpwa asiandike, basi, akitegemea kwamba jibu la kwanza litamtosha.

Barua mpya itoshee ukurasa mmoja. Baada ya salamu ianze na wakati, kwa mfano: "Baba Padri, tangu wiki ya mazishi ya mama nasali kama kawaida lakini sioni kwamba nasikilizwa." Kisha itaje anachoendelea nacho, yaani Misa, mafundisho na sala za jioni, bila kujisifu. Mwisho iombe jambo linaloweza kujibiwa, kwa sababu barua inayoeleza tu humwacha padri na huruma asiyojua aipeleke wapi, na ombi la mpwa liko wazi hata kama hakuliandika: anataka kujua kama ni unafiki kuendelea kuwafundisha watoto mambo ambayo yeye mwenyewe hayaoni. Kwa maoni ya mjomba si unafiki, kwa sababu katekista hufundisha imani ya Kanisa, hafundishi hisia zake. Ila jibu hilo lina uzito mwingine likitoka kwa padri aliyempeleka chuoni.

Iko tahadhari moja. Muhuri wa kitubio, yaani katazo linalomfunga padri asiitoe siri ya aliyeungama kwa namna yoyote ile, hauilindi barua iliyoandikwa nje ya kitubio, na ingawa padri mwema hutunza siri, karatasi haina kiapo. Mama Tereza aliomba zaidi ya mara moja barua zake zichomwe, na leo zinauzwa madukani. Kwa hiyo mpwa aipeleke kwa mkono wake, ndani ya bahasha iliyofungwa, asimwachie mhudumu wa ofisi ya parokia, na asiipige picha na kuituma kwa simu hata kwa rafiki wa kwaya. Asiyotaka yasomwe na mwingine ayaseme kwa mdomo siku watakapokaa pamoja.

Ile barua ya daftari la michango mpwa asiiguse. Ataiandika mjomba, kwa kuwa marehemu alikuwa dada yake, na siku ile yeye pia alisimama uani akanyamaza.