Kuchagua Nazi Singida

Singida ni mji wa alizeti. Ukishuka stendi ya Misuna, kabla hujauliza njia utakuwa umeshaonyeshwa madumu ya mafuta, na ukisogea kidogo unakutana na magunia ya vitunguu vyekundu vinavyosubiri malori. Mji wenyewe umekaa na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, kwenye mwinuko wa mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Majabali makubwa yamejitokeza katikati ya makazi, na upepo hauna likizo. Kwa mlaji kuna sifa nyingine inayotosha kumleta mtu hapa: kuku wa kienyeji, ambaye wasafiri humnunua njiani na kumpeleka hadi Dar es Salaam.

Mnazi haumo katika orodha hiyo. Ardhi ni kavu, baridi ya Juni na Julai inauma, na bahari iko mbali. Lakini sokoni nazi zipo, na mimi nadhani hapa ndipo mahali pazuri pa kujifunza kuzichagua, kuliko hata Tanga. Mtu wa Tanga akipata nazi mbovu huitupa na kuchukua nyingine uani. Ya Singida imepanda lori, imepita Chalinze, Morogoro, Dodoma na Manyoni, na kama ilianzia Dar es Salaam imetembea karibu kilomita 700. Ukikosea, umetupa nauli yake pia.

Nazi husafirishwa ikiwa imeshafuliwa, kwa sababu makumbi yanajaza lori bure. Tangu hapo inaanza kupungua maji. Kifuu ni kigumu, ila kule kwenye macho matatu, hasa lile moja laini ambalo chipukizi lingetokea, unyevu hupata njia. Hewa ya pwani, yenye unyevunyevu, huichelewesha kazi hiyo. Upepo mkavu wa Singida huiharakisha, na jua likiipiga nazi siku nzima, kifuu hupata ufa mwembamba usioonekana kwa haraka.

Mama mmoja anayeuza nazi na viungo sokoni alinitazama nikipapasa rundo lake, akacheka. "Usiziangalie uso, baba. Zishike mbili mbili." Ndivyo inavyofanyika. Chukua mbili zenye ukubwa unaolingana, moja kila mkono, uzipime. Nyepesi irudishe. Ile nzito weka kando, kisha chukua nyingine uishindanishe nayo. Baada ya tatu nne, mkono wenyewe umeshajua uzito wa nazi yenye maji ni upi.

Lakini uzito peke yake hudanganya. Koroma, yaani nazi iliyochumwa kabla ya kukomaa, ni nzito kuliko zote kwa sababu imejaa maji hadi juu. Nyama yake ni laini na tui lake halina mafuta. Hapo ndipo sikio linapohitajika. Tikisa nazi karibu na sikio: nzito isiyotoa sauti ni koroma. Nzito inayotoa mlio mfupi, wa chini, wa maji yanayogonga ukuta mara moja na kutulia, ndiyo unayoitaka. Imekomaa, imepata nafasi ndogo ya hewa, na maji yake bado mengi. Maji yakichapa kwa sauti nyembamba kama ya chupa iliyobaki robo, nazi imekaa sana. Inaweza kufaa leo, lakini usiipeleke nyumbani kuihifadhi. Nyepesi iliyo kimya haina maji tena. Huenda ndani imejaa joya. Na ukisikia kitu kikavu kinagonga kifuu, hiyo ni mbata, nyama imekauka na kubanduka. Mbata ni mali kwa mkamua mafuta, si kwa mpishi wa wali.

Mama yule aliongeza jambo ambalo sikulitegemea. Aligonganisha nazi mbili. Nzima zililia kwa mlio mkali, wazi. Akachukua ya tatu, mlio ukawa butu. Aliigeuza, akanionyesha ufa unaoanzia kwenye macho. Ndiyo maana huchagua nazi zilizoachiwa kishungi cha makumbi upande wa macho, kwani aliyefua akizinyoa kabisa huwa amezivua kinga. Ukikitenga kishungi, macho yawe makavu. Yakiwa na ukungu au majimaji, usibishane bei.

Tukavunja palepale. Maji yalikuwa matamu, nyama nyeupe. Maji yenye uchachu, au nyama ya manjano inayoacha ladha ya sabuni, ni ya kumwaga, maana uvundo wa nazi haufunikwi na kiungo chochote.

Baridi ya Singida ina somo lake pia. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Julai hapa iko chini ya hapo. Ukikamua nazi kwa maji ya bomba asubuhi hiyo, mafuta yanabaki kwenye chicha na unapata maji meupe tu. Tumia maji ya vuguvugu, kikombe kimoja kwa nazi moja iliyokunwa, upate tui la kwanza. Vikombe viwili vingine vitatoa tui la pili.

Duka la jirani lilikuwa na makopo, ya mililita 400. Kopo lina sifa ambayo nazi haina: linafanana leo na kesho, na halijali lori limeingia au la. Soma lebo. Kanuni za Codex za mwaka 2003 zinataka tui la kawaida liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, na zito asilimia 20. Lile jepesi linaruhusiwa kushuka hadi 5. Mengi yana gundi, mara nyingi E412, inayozuia mafuta na maji kuachana. Kopo hupikwa likiwa limeshafungwa, kwa joto linalozidi nyuzi 110, na hapo harufu ya nazi mbichi huondoka na kubaki ile ya nazi iliyopikwa.

Nilijaribu tui bichi na la kopo kwa kuku wa kienyeji. Kuku huyu ni mgumu, anadai moto wa muda mrefu, na moto mkali ndio adui wa tui bichi: likikaribia nyuzi 80 protini zake huanza kugandamana, na likichemka kwa fujo linakatika. Kwa hiyo kuku huchemka kwa tui la pili, pamoja na kitunguu cha Misuna na nyanya zilizokwisha kuiva vizuri. Tui la kwanza huingia mwishoni, moto mdogo, mwiko ukizunguka bila kupumzika, na sufuria huepuliwa mara tu mchuzi unapoanza kutokota. Tui la kopo halikuhitaji ulinzi huo. Lilichemka na halikukatika, na baada ya kitunguu, tangawizi na mafuta ya kuku mwenyewe, tofauti ilikuwa ndogo. Mchuzi ulikuwa mzito zaidi ulimini, ila haukutoa yale mafuta yanayong'aa juu.

Kwenye wali hakuna mashindano. Mchele hauna kitunguu cha kujifichia. Harufu ya tui ndiyo wali wenyewe. Wa kopo ulikuwa mweupe na laini, ukanuka kidogo bati. Kwa hiyo ukiwa Singida na unataka kuku, kopo litakustiri. Ukitaka wali wa nazi, waulize wauzaji lori linaingia lini, ufike sokoni siku hiyohiyo, kabla upepo haujazifikia nazi.