Kutoka Lindoni Hadi Mjimwema na Ndoo ya Vibua

Kwa muda mrefu nilikuwa nalipita soko la samaki la Feri kila asubuhi bila kuingia. Lindo langu liko Mtaa wa Sokoine, katikati ya Dar es Salaam. Ninaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, kisha natembea hadi kwenye pantoni, navuka Kigamboni na kwenda kulala Mjimwema. Soko lipo hapo hapo njiani. Nilisikia kelele za mnada, nikaona watu wakitoka na ndoo vichwani, nami nikapita.

Kabla ya kuamua kuingia nilikuwa nimewaangalia walinzi wenzangu waliotafuta kazi ya mchana. Mmoja alichukua bodaboda ya mkataba, akawa analala saa tatu kwa siku. Alianguka nayo Mbagala mchana kweupe, pasipo kugongwa na mtu, kwa usingizi tu. Mwingine alifungua genge la mboga, lakini wateja wa genge huja jioni, muda ambao yeye anavaa sare. Hapo nikapata kipimo changu: biashara ya mlinzi wa usiku ianze anapotoka lindoni na iishe kabla ya saa 5 asubuhi. Ikipita hapo, inakula usingizi, na mlinzi aliyekosa usingizi atasinzia getini, supavaiza atamkuta, na mshahara utakwenda pamoja na faida.

Samaki wabichi wanaingia kwenye kipimo hicho. Wavuvi nao wanakesha kama sisi, mashua zinafika alfajiri, na mama lishe anataka samaki wake kabla hajaanza kupika chakula cha mchana.

Asubuhi ya safari yangu ya kwanza nilikuwa na shilingi 25,000 na ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Mwenzangu wa mchana alifika akiwa amechelewa dakika ishirini. Nilikabidhi lindo, nikasaini kitabu, nikavua shati la sare na kuvaa la nyumbani, maana sare ya kampuni si ya kuingia nayo mnadani. Nikatembea haraka.

Ndani ya soko sikuelewa kitu. Dalali alisimama mbele ya fungu la vibua mezani, akitaja bei mfululizo, na wanunuzi wakiitikia kwa kuinua kidole au nyusi tu. Fungu lilikuwa la watu wenye mtaji. Nilisimama pale kama mgeni hadi mama mmoja mchuuzi aliponitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unanunua au unaangalia?"

Nikamwambia nina elfu ishirini na tano. Hakucheka. Akaniambia fungu lile lina vibua sabini na kitu, yeye na mwenzake wanatafuta mtu wa tatu wa kuchanga. "Lakini usitoe hela kabla hujawafungua mashavu," akasema. Akachukua kibua mmoja akanionyesha: ndani ya shavu pawe pekundu kama damu mbichi, si kahawia. Jicho liwe limejaa na kung'aa, si limezama. Ukibonyeza mgongoni kwa kidole, nyama irudi. Shimo likibaki, mrudishe. Harufu iwe ya bahari.

Akapigania bei yeye. Fungu likaanguka kwa 60,000. Tulipogawana, kila mmoja alipata vibua 25 kwa shilingi 20,000, yaani kila samaki 800.

Kosa langu lilikuwa kwenye barafu. Nilinunua ya shilingi 1,000, kifuko kimoja, nikakiweka juu ya samaki na kufunga ndoo. Niliona kwamba Kigamboni ni pale tu ng'ambo, safari ya dakika chache majini. Sikuhesabu foleni. Asubuhi ile abiria walijaa, tukakaa kwenye banda kwa muda mrefu tukisubiri pantoni, jua likapanda. Nilipolipa bajaji 1,000 na kufika Mjimwema, barafu yote ilikuwa maji, na vibua wa chini walikuwa wakiogelea ndani yake.

Kwa kibua hilo si jambo la kupoteza ladha tu. Kibua na jodari wakiachwa kwenye joto hutengeneza sumu ndani ya nyama, nayo haiondoki hata ukiwakaanga hadi wakauke. Mlaji hupata wekundu usoni, kuwashwa, kichwa kuuma, wakati mwingine kuharisha. Watu husema fulani ana mzio wa samaki, kumbe samaki alikaa juani. Kwa hiyo usimuuzie mtu kibua uliyemtilia shaka, hata kwa bei ya kutupa.

Nilianza na mama lishe wawili wa karibu na kituo. Walifungua mashavu kama nilivyofundishwa, wakachukua 15 wa juu kwa 1,200 kila mmoja: 18,000. Majirani wakachukua saba kwa 1,500: 10,500. Watatu wa chini, nilipowabonyeza, nyama haikurudi. Nikawafukia nyuma ya nyumba. Mauzo yote yalikuwa 28,500. Ukitoa samaki, barafu na bajaji, ambavyo ni 22,000, ilibaki 6,500. Nauli ya pantoni, shilingi 200, ningeilipa hata bila ndoo. Lakini nililala saa 6 mchana kwa sababu ya kuzunguka milango ya majirani, na usiku ule lindo lilikuwa refu mno.

Mambo mawili niliyabadilisha baada ya safari ile. Barafu sasa inakaribia uzito wa samaki wenyewe: kilo tano za vibua, barafu kama kilo tano, iliyopondwa, tabaka chini, samaki, tabaka juu. Chini kabisa ya ndoo nimegeuza sahani ya plastiki iliyotobolewa, ili maji yakae chini yake na samaki wasiyaguse. Gharama imepanda, ila sifukii tena samaki.

La pili ni oda. Kabla ya kuvaa sare, saa 10 jioni, nawapigia mama lishe wangu, ambao sasa ni wanne, kila mmoja anataja idadi yake ya kesho. Nanunua idadi hiyo na kuongeza wachache wa nyumbani. Sizunguki tena. Saa 4 asubuhi ndoo imeoshwa, nami niko kitandani.

Kuna kikomo ambacho mama yule wa sokoni alinieleza siku nyingine, nami nimekithibitisha. Vibua hawa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwakusanya, wavu unawazunguka. Mwezi unapokuwa mpevu bahari yote ina mwanga, samaki hawaifuati taa, na wavuvi wengi huzivuta mashua pwani. Siku hizo fungu ni dogo na bei inaruka hadi faida inaisha. Upepo wa kusi ukikaza ni hivyo hivyo. Mwanzoni nililazimisha kununua siku za mbalamwezi ili nisiwapoteze wateja, nikauza kwa hasara mara mbili. Sasa nawaambia mapema, nao wanapika maharage.

Ndiyo maana mlinzi anayetaka kuanza namshauri aangalie mwezi kabla ya kutafuta mtaji. Aanze siku za giza, kwa kuchanga fungu na wengine, na aende sokoni mara mbili kwa macho tu kabla ya kutoa hela.

Usiku huu nikiwa getini mwezi umefika siku ya kumi na tatu. Kesho sipiti sokoni. Napanda pantoni ya kwanza nitakayoikuta, naenda kulala.