Msimsafishe Shahidi

Nilizaliwa Lamu, nikasomea Mombasa, na kabla ndevu hazijanitoka sawasawa nilikuwa nimeajiriwa mkalimani wa mahakama. Mzee aliyenifunza kazi amefariki mwaka huu. Wengi wamemsifu kwa Kiingereza chake. Mimi namkumbuka kwa ugomvi wake na wale waliotaka maelezo ya mashahidi yapigwe pasi.

Kesi moja ilikuwa ya wizi wa usiku. Mlalamikaji, mama wa Kiamu, alirekodiwa sauti. Karatasi iliyotufikia kutoka kituoni ilisema: “Watu wawili walikuja wakanishika mkono. Nilimwona mshtakiwa kwa macho yangu.” Mzee akataka kanda. Aliisikiliza mara ya kwanza bila kalamu, kisha akaandika kila kilichotamkwa: “Napita ndia ya pwani... watu wawili... alikuja, akanishika mkono. Nalimwona kwa mato yangu, kama... kama ni yeye.”

“Ndia” na “mato” hazikumsumbua. Hiyo ni lahaja, si kosa, na alizitafsiri kwa Kiingereza cha kawaida, akaeleza pembeni kwamba msemaji ni wa Lamu. Kumvunjia Kiingereza ili aonekane mshamba, alisema, ni kumdhulumu. Ile “kama” iliyorudiwa, pamoja na vituo vyake, aliiacha vilevile. Tangu kesi ya Abdalla bin Wendo ya mwaka 1953, mahakama zetu zinatakiwa kuupima kwa uangalifu mkubwa ushahidi wa kumtambua mtu katika mazingira magumu, na usiku ni mojawapo. Ukiifuta “kama”, umemtambua mshtakiwa wewe, si shahidi.

Pagumu palikuwa “watu wawili alikuja”. Kitenzi kama hicho cha Kiingereza katika wakati uliopita hakibadiliki kwa mmoja wala kwa wengi, kwa hiyo hata tafsiri aminifu ingeuzika mgongano huo. Mzee akaweka tanbihi katika mabano ya mraba: shahidi ametaja watu wawili, lakini vitenzi vyote viwili viko katika umoja.

Mkubwa mmoja wa ofisi aliwaka. Alisema mahakama haina muda wa vigugumizi, na akaamuru tanbihi itolewe. Mzee akamjibu kwamba hatatia sahihi cheti cha tafsiri isiyo na tanbihi. Ikabaki.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa utetezi aliuliza swali lililotokana na tanbihi ile: waliokushika ni wangapi? Mama akajibu bila kusita kwamba aliyemshika ni mmoja. Wa pili alisimama mbali, gizani, na sura yake hakuiona. Kwenye karatasi ya kituoni, wote wawili walikuwa wamemshika.

Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa, daini kanda kabla ya karatasi. Mkiambiwa mnyooshe maneno ya shahidi, kataeni kutia sahihi.