Kabla ya Kuonana na Mkurugenzi

Tunawaomba wajumbe wetu watano tukutane Jumapili baada ya Alasiri, kabla ya kuonana na Mkurugenzi wa halmashauri siku ya Jumanne kuhusu kucheleweshwa kwa maziko. Mara iliyopita tulikwenda bila ya kushauriana. Sote tulisema, nusu saa ikaisha, na tulichoomba kilikuwa aharakishe kazi ya mchunguzi wa vifo, ambaye hapa Uingereza ni huru kama hakimu, haamrishwi na halmashauri. Mkurugenzi alitusikiliza kwa adabu, tukarudi mikono mitupu.

Safari hii ombi ni moja, nalo limo katika uwezo wake: msajili wa vifo apatikane Jumamosi na Jumapili, atoe kibali cha maziko. Bibi aliyefiwa na mumewe usiku wa Ijumaa atasimulia kwa dakika tatu. Kijana wetu mwanasheria atatamka ombi. Sisi, tuliozoea kuhutubia madarasa, tutaandika tu.

Huenda akajibu kuwa kikwazo kiko hospitalini, kwani tangu tarehe 9 Septemba 2024 vifo visivyokwenda kwa mchunguzi hupitiwa kwanza na daktari mkaguzi. Basi kila familia ituletee nyakati tatu: ya kufariki, ya hati ya daktari kumfikia msajili, na ya kibali kutolewa. Ucheleweshaji ukiwa kabla ya hati kufika, hilo si lake. Ukiwa baada yake, hapo hana pa kukwepea.

Mwenye udhuru atuarifu kabla ya Ijumaa.